Namna ya Kusafisha Mswada Bila Kumfukuza Mwenyewe

Hatua ya kwanza ni kuificha kalamu. Itie kwenye droo, funga, mpe ufunguo mtu usiyeelewana naye. Mhariri aliyeshika kalamu huanza kusahihisha tangu aya ya kwanza, na katika aya ya kwanza bado hajui anasoma kazi ya nani. Soma mswada wote mikono mitupu. Ukifika mwisho uwe unaweza kumwigiza mwandishi: anavyoanza habari, anavyoapa, anaponyamaza. Kama huwezi, rudia.

Nichukue mswada mmoja tuufanyie kazi. Tuseme ni kumbukumbu za maisha za mzee wa Mombasa, mwalimu mstaafu, anayeandika Kimvita chake bila wasiwasi wowote. Katika sura ya tatu anasema hivi:

«Basi nalitoka alfajiri, kitwa chaniuma, ndaa nayo — walahi ndaa ile siisahau. Mamangu alikuwa mlangoni hasemi neno, anitazama tu kwa mato yale... Basi nikashika ndia ya bandarini. Basi pale bandarini palikuwa na jahazi limetoka India imesheheni mtele na watu wengi walikuwa wanapakuwa magunia hayo na mimi nikapata kazi yangu ya kwanza mwaka wa 1961 nilipokuwa na miaka kumi na mitano.»

Sasa tazama mhariri mwenye bidii anavyoweza kuifanya aya hiyo: «Niliondoka alfajiri nikiwa na njaa kali na maumivu ya kichwa. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni akinitazama bila kusema neno. Nilielekea bandarini, ambako nilipata kazi yangu ya kwanza ya kupakua mchele.» Hakuna kosa hapo. Hata mtahini mkali angetoa alama zote. Ila yule mzee hayumo. Aliyebaki ni kijana yeyote, wa mji wowote, mwenye njaa ya kawaida. Na yale mato ya mama, yaliyosema kila kitu, yamegeuka kuwa kitenzi.

Ili hilo lisitokee, kabla ya kusahihisha hata herufi moja tengeneza karatasi ya mtindo. Ni ukurasa mmoja au miwili unaoorodhesha mazoea ya mwandishi huyu, na kando ya kila zoea unaandika linafanya kazi gani na linatokea wapi. Usiandike tu «anapenda vistari virefu». Vifuate vistari vyenyewe kimoja kimoja. Katika mswada wa mzee wetu utagundua kwamba kistari kirefu huja pale tu anapotaka kuapa au pale neno linapomponyoka kabla hajajiandaa. Alama ya dukuduku, zile nukta tatu, hazionekani popote isipokuwa karibu na mamake. Ukishaliona hilo, mkono wako utasita wenyewe. Nukta tatu ambazo ungezifuta kwa kuwa «zimezidi» sasa unajua zinabeba jambo ambalo mtu huyu hajaweza kulisema maisha yake yote.

Wahariri wa mashairi ya Emily Dickinson, mshairi wa Marekani aliyefariki mwaka 1886, hawakuwa na karatasi kama hiyo. Mshairi huyo alitumia vistari kila mahali, na herufi kubwa alizipa maneno aliyoyataka yeye. Kitabu chake cha kwanza kilipotoka mwaka 1890, Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson, watu waliompenda kwa dhati, walikuwa wamevibadilisha vistari vingi kuwa mikato na nukta, na hapa na pale wakagusa hata maneno ili vina vikae sawa. Wasomaji walisubiri hadi mwaka 1955, Thomas H. Johnson alipochapisha toleo lililojaribu kuyarudisha mashairi hayo yalivyokuwa kwenye miswada ya mwenyewe. Miaka 65 ya kusoma mkono wa mtu mwingine! Ndiyo maana nasema vistari vihesabiwe kabla ya kuguswa.

Karatasi ikishakuwa tayari, fungua droo. Sasa swali ni moja kwa kila kitu kinachokukera: hili ni zoea au ni kosa? Zoea hurudi, na hurudi katika mahali panapofanana. Kosa huzuka ovyo na mwandishi mwenyewe akilionyeshwa hushtuka. Rudi kwenye aya yetu. «Nalitoka», «chaniuma», «mamangu», «kitwa», «mato», «ndia», «mtele», hayo yote yanarudi toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hiyo ndiyo lugha ya nyumbani kwao na haihitaji ruhusa yako. Lakini «jahazi limetoka India imesheheni» ni upatanisho uliovunjika katikati ya sentensi, na kurasa zote nyingine anaandika «jahazi limefanya hivi, limefanya vile». Hilo ni kosa, lisahihishe. «Wanapakuwa» ni tahajia, isahihishe. «Magunia hayo» yanaelekeza kwa magunia ambayo hayajatajwa, ondoa «hayo».

Halafu lipo suala la umri. Kama sura ya kwanza inasema alizaliwa mwaka 1944, basi mwaka 1961 hakuwa na miaka kumi na mitano. Hapo usibadilishe kitu. Andika swali pembeni: «Mzee, sura ya 1 inasema 1944. Tuache mwaka au umri?» Yeye ndiye aliyekuwepo. Na swali liandikwe kwa adabu ambayo ungeitumia mkiwa mmeketi barazani kwake, maana mzee aliyefundisha miaka mingi akipata pembeni ya mswada wake maneno kama «Haieleweki, fafanua» atafafanua kweli, kwa sentensi ngumu za ofisini, na utakuwa umeua ukurasa bila hata kuugusa.

Hapa kwenye «basi» ndipo penye kazi nzito. Katika aya moja fupi ameitumia mara tatu. Mhariri mkali angefuta zote. Mhariri mwoga angeacha zote. Wote wawili wamemkosea. Zoea likirudi katika kila sentensi msomaji huacha kulisikia, na baadaye linaanza kumchosha. Kwa hiyo lipogolewe, na la kupogoa lichaguliwe kwa kazi linayofanya. «Basi» ya kwanza inafungua kisa, inatukusanya tusikilize. Ibaki. Ya pili inasimama baada ya nukta tatu za mama, na hapo kimya chenyewe kinatosha; ikiingia inakivunja. Itoke. Ya tatu ni pumzi tu ya mtu anayetafuta neno lifuatalo. Itoke pia. Tunapata hivi:

«Basi nalitoka alfajiri, kitwa chaniuma, ndaa nayo — walahi ndaa ile siisahau. Mamangu alikuwa mlangoni hasemi neno, anitazama tu kwa mato yale... Nikashika ndia ya bandarini. Pale bandarini palikuwa na jahazi limetoka India, limesheheni mtele, na watu wengi walikuwa wanapakua magunia, na mimi nikapata kazi yangu ya kwanza mwaka wa 1961 nilipokuwa na miaka kumi na mitano.»

Mwaka na umri vinasubiri jibu lake. Mikato niliyoongeza ni ya aina aliyoitumia mwenyewe pale juu, «kitwa chaniuma, ndaa nayo». Nimeazima kutoka kwake kumpa yeye. Hiyo ni kanuni ninayoifuata kila mahali: panapohitajika kiraka, kitambaa kikatwe kwenye nguo ileile.

Yapo maneno ambayo kuyaacha yalivyo ni kumpotosha msomaji. Mzee akiandika kwamba mamake alimwita, «Ndoo!», msomaji wa Mbeya au Kampala ataona ndoo ya maji. Akiandika kwamba vijana wa bandarini «wakateka», atauliza walimteka nani. Njia rahisi ni kuweka «njoo» na «wakacheka», na njia hiyo hubomoa nyumba nzima, maana ukibadilisha hayo mawili itabidi mato na ndia vifuate. Mwombe mwandishi aongeze neno moja au mawili ya kumshika msomaji mkono. «Ndoo hapa, mwanangu» haiwezi kuwa ndoo ya maji. «Wakateka hata meno ya nyuma yakaonekana» haihitaji kamusi. Ila ongezo hilo litoke kinywani mwake. Ukimwandikia wewe, msomaji makini atasikia mgeni kaingia.

Jihadhari na kompyuta. Ukiamua kwamba katika sura ya barua rasmi, ambayo mzee mwenyewe aliiandika kwa Kiswahili sanifu, «mato» lililopenya liwe «macho», usibonyeze Replace All. Kompyuta haijui neno linaanzia wapi, kwa hiyo «matokeo» yatakuwa «machokeo» na «matofali» yatakuwa «machofali». Ukibadilisha «ndia» kwa namna hiyo, jahazi litatoka «Injia». Weka alama kwenye Find whole words only, kisha pitia moja moja. Washa Track Changes tangu badiliko la kwanza, ili mwandishi aone kila ulichogusa. Na zima kisahihishi kinachojiendesha, kwa sababu hicho hupandisha herufi kubwa baada ya nukta bila kuuliza kama mwandishi alitaka.

Kuna mahali utashindwa, na ni vizuri ujue mapema. Ikiwa mchapishaji anataka kitabu hiki kitumike shuleni, atadai Kiswahili sanifu, na dai hilo lina historia ndefu. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, ikisimamia usanifu uliojengwa juu ya Kiunguja, miswada ya vitabu vya shule ilipitiwa lugha yake kabla ya kupewa kibali, na waandishi wa Kimvita na Kiamu walijua maana yake. Kabla ya kuanza kuhariri, uliza kitabu ni cha nani. Kama jibu ni shule, mweleze mzee waziwazi, kisha pigania kilicho muhimu zaidi: usanifu uingie katika masimulizi, mazungumzo ya watu yabaki kama walivyozungumza, na vistari na nukta tatu visiguswe kabisa, kwa sababu hakuna kanuni ya sarufi sanifu inayovikataza. Mzee akikataa, mrudishie mswada wake, umsaidie kutafuta mchapishaji mwingine.

Akikubali, mpelekee nakala mbili, moja yenye alama zote na moja safi, na umwombe asome ile safi kwa sauti kabla ya kufungua yenye alama. Mahali ulimi wake unapojikwaa ndipo mkono wako ulipobaki. Parudishe palivyokuwa hata kama hujui sababu.

Prufu zikitoka, karatasi ya mtindo iende pamoja nazo kwa msanifu wa kurasa na kwa msomaji wa prufu. Hao wawili hawajawahi kumwona mzee, wanafanya kazi haraka, na wote wamefundishwa kwamba «kitwa» ni kosa la chapa. Juu ya karatasi andika kwa herufi kubwa: KITWA, MATO, NDIA, MTELE, NALI-, NUKTA TATU — VIACHWE. Wakishavigusa hata hivyo, chora vinukta chini ya kila neno waliloligusa, ile alama ya zamani ya wasahihishaji inayomaanisha lirudi kama lilivyokuwa, na usitie saini kurasa za mwisho mpaka yamerudi yote.