Namna ya Kumkumbusha Aliyekunyamazia na Bado Uonekane Mstaarabu

Jumanne tarehe 5 ulimwandikia barua pepe meneja utawala wa ofisi moja pale Posta, Dar es Salaam. Unataka mkutane mzungumzie mkataba wa kuhudumia viyoyozi vyao. Ulisalimia, ukajitambulisha, ukamalizia kwa adabu zote: "Naomba kujua ni lini utakuwa na nafasi." Leo Ijumaa, kimya. Hata kwenye barua taka umeshapiga hodi.

Kabla hujamnunia, soma tena swali lako. Ili alijibu, inabidi afungue kalenda, akisie unahitaji muda gani, aulizie bosi wake atakuwepo lini, ndipo akuandikie. Umemwomba miadi ukamtwisha kazi. Alilisoma akiwa kwenye foleni, akasema atajibu akifika ofisini, na alipofika akakuta barua nyingine zimeshailalia yako. Huo ndio uadui wote uliopo kati yenu.

Basi mkumbushe, lakini si leo. Ijumaa mchana hakuna anayepanga jambo la wiki ijayo, na Jumatatu asubuhi kila mtu yumo kikaoni. Ngoja Jumanne tarehe 12, saa nne hivi, chai ikishanyweka. Siku tatu hadi tano za kazi ni muda wa heshima. Ila kama kikao chenyewe ulitaka kiwe kesho, acha kuandika, piga simu.

Usianzishe barua mpya. Fungua ile uliyotuma, ijibu mwenyewe, na kichwa cha habari usikiguse, kwa sababu ukikibadilisha mifumo mingi huihesabu kuwa mazungumzo mengine. Barua ya kwanza ikining'inia chini yake, hutakuwa na haja ya kuandika "kama nilivyoeleza katika barua yangu ya tarehe 5, ambayo hadi leo haijajibiwa". Sentensi hiyo ina uungwana wa hati ya mahakama. Andika hivi:

"Habari za kazi, Dada. Kuhusu huduma ya viyoyozi: nitakuwa Posta Alhamisi tarehe 14 saa 4:00 asubuhi, na Jumatatu tarehe 18 saa 3:00 asubuhi. Nahitaji dakika 20. Ukijibu 'Alhamisi' au 'Jumatatu' inatosha. Kama zote hazifai, naomba unielekeze kwa anayeshika ratiba yako."

Ni kweli kwamba Posta huna shughuli nyingine yoyote. Lakini mtu aliye njiani tayari hamsumbui mwenyeji, kwa hiyo tafuta shughuli, hata ya kununua korosho. La maana ni kwamba kimya chake hakijatajwa popote, na sasa anaweza kujibu kwa neno moja akiwa bado kwenye foleni ileile. Ukiambatisha mwaliko wa kalenda, kumbuka mashine haijui Kiswahili: saa 4:00 asubuhi iandike 10:00. Ukiandika 4:00, umemwita saa kumi za alfajiri, na hapo kunyamaziwa ni haki yako.

Kuna vishawishi vitatu vitakavyokujia usiku. Cha kwanza ni kuweka nakala kwa mkurugenzi wake. Utajibiwa ndani ya saa moja, kisha mkataba utaenda kwa fundi mwingine kwa utulivu kabisa. Cha pili ni kuwasha ombi la uthibitisho wa kusomwa, ambalo litamfanya akuone kama askari wa upelelezi. Cha tatu ni kumfuata WhatsApp kwa "Mambo?" halafu ukae unazitolea macho tiki mbili za bluu. Lala.

Wiki nyingine ikipita, piga simu ya mapokezi uombe kuzungumza na katibu muhtasi. Huyu ndiye mwenye nchi. Meneja ni mpangaji tu. Usimuulize kwa nini bosi hajajibu, maana atalazimika kumtetea. Muulize ni asubuhi ipi wiki hii ina nafasi ya dakika 20, kisha umshukuru kwa jina lake.

Ikishindikana hata hapo, tuma barua ya tatu na ya mwisho: "Naona kipindi hiki hakijakaa vizuri, kwa hiyo nafunga maombi yangu ya kikao. Mkihitaji fundi kabla ya joto la Desemba, namba yangu iko hapa chini." Usiweke manung'uniko ndani yake, wala usiitume kama huna nia ya kuacha kweli. Barua ya kuaga ina bahati ya ajabu: haimwombi mtu chochote, na mara nyingi ndiyo inayojibiwa.

Akijibu kwamba barua zako zilimpotea, mwamini, au walau jibu kama aliyeamini. Kisha mtumie mwaliko wa kalenda dakika hiyohiyo, kabla hajaiweka simu chini.