Pete Zilizohama Katikati

Jumatatu

Ripoti ya pete za Newton imerudishwa. Chini ya jibu langu Dokta ameandika kwa wino mwekundu: "R imezidi kwa asilimia nane. Mchezo wa skrubu? Rudia, leta Jumatano." Nimepata nusukipenyo cha mpindo wa lenzi kuwa sentimita 108.5. Kwenye fremu ya lenzi imeandikwa 100.

Jaribio lenyewe halina mambo mengi. Lenzi yenye mgongo wa mbinuko inalazwa juu ya kioo bapa. Kati yao unabaki utando wa hewa, ambao hauna unene pale vioo vinapogusana na unaongezeka unene kadiri unavyoelekea nje. Mwanga wa njano wa taa ya sodiamu unapoushukia utando huo, sehemu yake inarudi kutoka uso wa chini wa lenzi na sehemu nyingine kutoka uso wa kioo. Miale hiyo inapokutana huongezana mahali fulani na kufutana mahali pengine, na kwenye hadubini unaona pete za giza na za mwanga, moja ndani ya nyingine. Kipenyo cha pete ya giza ya namba m kinafuata D² = 4mλR. Urefu wa wimbi la sodiamu ni nanomita 589.3, kwa hiyo ukichora D² dhidi ya m unapata mstari ulionyooka, na mteremko wake unakupa R.

Mwenzangu wa meza amesema tuandike tu kwamba ni mchezo wa skrubu, tuombe radhi, tumalize. Nimekataa. Mchezo wa skrubu ni ile nafasi ndogo kati ya meno ya skrubu na meno ya nati. Ukibadili upande wa kuzungusha, ngoma yenye vipimo inazunguka kidogo kabla hadubini haijaanza kusogea. Sisi tulianza pete ya 20 upande wa kushoto, tukaja hadi katikati, tukatoka hadi pete ya 20 upande wa kulia, bila kurudi nyuma. Siwezi kuweka sahihi chini ya sababu ambayo haikutokea.

Umeme umekatika saa mbili usiku. Nimesoma daftari la vipimo kwa tochi ya simu mpaka chaji ikaisha.

Jumanne

Asubuhi nimeliona jambo. Pete zote zina kitovu kimoja. Kwa hiyo, kwa kila pete, ukijumlisha usomaji wa kushoto na wa kulia kisha ukagawa kwa mbili, lazima upate namba ileile, yaani mahali kitovu kilipo. Hesabu hii haihitaji λ, haihitaji R, wala haihitaji kujua lenzi imeandikwa nini.

Pete ya 20 tulisoma milimita 8.57 kushoto na 15.67 kulia. Katikati ni 12.12. Pete ya 16 ni 8.93 na 15.31, katikati 12.12. Pete ya 12 ni 9.34 na 14.90, tena 12.12. Kisha pete ya 8 ni 10.07 na 14.41, na katikati yake ni 12.24. Pete ya 4 ni 10.70 na 13.78, nayo ni 12.24.

Kitovu kimehama kwa milimita 0.12, tena ghafla, kati ya pete ya 12 na ya 8 upande wa kushoto. Maana yake ngoma ilizunguka milimita 0.24 wakati hadubini imesimama. Masomo yote ya baadaye yamebeba ziada hiyo. Pete za 8 na 4 zilisomwa pande zote mbili baada ya mtelezo, kwa hiyo ziada inajifuta yenyewe na vipenyo vyake ni sahihi. Pete za 12, 16 na 20 zilisomwa kushoto kabla ya mtelezo na kulia baada yake, kwa hiyo vipenyo vyake vyote vimeongezeka kwa 0.24. Mchezo wa skrubu ungeharibu tu usomaji uliochukuliwa wakati wa kurudi nyuma, na ukiendelea mbele mambo yanakaa sawa. Huu wetu haukukaa sawa tena.

Nimepata pia kitu ambacho mwenzangu alikiandika siku ileile pembeni ya 10.07: "kielekezi hakijafika 10, ngoma imepita sifuri?" Kielekezi cha rula kilikuwa nyuma ya ngoma. Tulichukua 10.07 kwa sababu 9.07 ingeiweka pete ya 8 nje ya pete ya 12, jambo lisilowezekana.

Mchana nimeenda maabara. Fundi ameniuliza, "Umevunja nini, mwanangu?" Nimemwamkia, nikamwonyesha daftari. Amelisoma lote kabla ya kusema neno. Kisha ameweka chini ya hadubini kipande cha kioo kilichochorwa mistari ya milimita, akaanza kuzungusha ngoma polepole. Mistari ilipita mmoja mmoja chini ya nywele za msalaba. Mahali fulani baada ya 9 na nusu picha ikasimama, ngoma ikaendelea, kisha picha ikaondoka tena. Amenipa nizungushe mwenyewe. Ikasimama palepale. Amefungua kifuniko cha chini: meno ya skrubu yameliwa mahali hapo.

Hadubini ya pili inatumiwa na darasa lingine hadi Alhamisi jioni. Hakuna ya tatu.

Usiku nimeandika barua. Kalamu imevuja kwenye nakala ya kwanza, nimeandika upya.

"Mhadhiri wa Somo la Optiki,

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA WA KUWASILISHA UPYA RIPOTI YA PETE ZA NEWTON

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba kuwasilisha ripoti yangu Jumatatu ijayo badala ya Jumatano hii. Sababu ni hitilafu ya hadubini tuliyotumia. Nati yake huteleza kati ya milimita 9 na 10 za rula. Fundi wa maabara ameijaribu kwa kioo chenye mistari na ameona mtelezo huo, nami nimeuona.

Nimeambatanisha nakala ya ukurasa wa daftari la vipimo kama ulivyoandikwa siku ya jaribio, bila kufuta kitu, pamoja na jedwali la vitovu. Pete za 12, 16 na 20 zina kitovu kwenye 12.12. Pete za 8 na 4 zina kitovu kwenye 12.24.

Nikipunguza milimita 0.24 kwenye vipenyo vitatu vya nje napata R ya sentimita 99.6. Siombi jibu hilo lipokelewe. Masahihisho hayo yanachukulia kwamba nati iliteleza mara moja tu, na kiasi cha kupunguza nimekitoa kwenye masomo yaleyale ninayoyasahihisha. Naomba kupima upya kwa hadubini ya pili, ambayo itakuwa wazi Ijumaa asubuhi.

Natanguliza shukrani."

Nimefikiri sana kuhusu aya ile ya 99.6. Ningeweza kuiwasilisha kama ripoti na kuulinda usingizi wangu. Lakini namba ikisogea kuelekea kile kilichoandikwa kwenye fremu, mtu huacha kuikagua, na hapo ndipo ilipaswa kukaguliwa zaidi. Barua itamfaa Dokta kuliko kunifaa mimi, kwa kuwa sasa anaweza kuipinga kwa hesabu.

Jumatano

Stesheneri ya langoni printa imekwama na barua ikiwa nusu ndani. Imetoka na mkunjo katikati ya jedwali la vitovu. Nimesubiri nyingine.

Dokta hakuwepo ofisini. Nimekaa kwenye benchi la ukumbini. Amekuja saa saba kasoro.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Ni ile ya asilimia nane?"

Amesoma akiwa amesimama mlangoni. Alipofika kwenye jedwali ametoa kalamu akajumlisha mwenyewe 9.34 na 14.90. Akaniuliza ningejuaje kama lenzi yenyewe haikusukumwa katikati ya kazi. Swali zuri. Lenzi ikisukumwa mbele, kitovu kinahama vilevile, na vitovu pekee haviwezi kutenganisha hali hizo mbili. Nimemjibu kwamba kinachotenganisha ni kielekezi: lenzi ikisogea, rula na ngoma vinaendelea kukubaliana, ila hapa vilitofautiana, na iliandikwa siku ileile. Ameusogeza ukurasa karibu na macho, akasoma maandishi ya mwenzangu pembeni.

Amenipa hadi Jumatatu. Sharti ni kwamba jedwali la zamani libaki ndani ya ripoti, na jipya lifuate.

Ijumaa

Taa ya sodiamu huanza na rangi nyekundu ya neoni, inachukua dakika kadhaa kufikia njano yake kamili. Ilipofika, umeme ukatetereka, ikazima. Tumengoja ipoe, tukaanza tena.

Katikati ya pete palikuwa na mwanga, si giza. Ni vumbi kati ya lenzi na kioo. Mwali unaorudi kwenye kioo cha chini hugeuka nusu wimbi, kwa hiyo pale vioo vinapogusana kikweli lazima paonekane giza. Tumesafisha kwa spiriti na karatasi laini ya lenzi. Pamebaki kijivu. Tumeendelea, kwa sababu vumbi huongeza unene uleule chini ya kila pete: mstari wote wa D² unahama juu au chini, mteremko haubadiliki, na R inatoka kwenye mteremko. Tumeliandika hilo pembeni.

Safari hii tumehesabu kitovu cha kila pete hapohapo mezani, kabla ya kuzima taa. Tofauti kubwa kati ya vitovu ni milimita 0.01. R imetoka sentimita 100.7.

Jumatatu

Nimewasilisha. Dokta amepokea, kisha amenipa madaftari ya wenzetu waliotumia hadubini ileile kabla yetu, akaniomba nihesabu vitovu vyao, kwa kuwa baadhi wamekatwa alama kwa ajili ya R iliyozidi.

Jozi ya kwanza, kitovu chao kimehama, nao kati ya 9 na 10. Jozi ya pili hawana kasoro yoyote. Wao waliweka lenzi upande wa kulia wa meza, pete yao ya kushoto kabisa ipo kwenye 14, kwa hiyo nati haikupita mahali palipoliwa. Ndiyo maana hadubini hii imeonekana nzima kwa muda wote huo.

Yamebaki madaftari matatu. Mojawapo limeloweshwa chai na tarakimu za upande wa kushoto hazisomeki. Nimemwandikia mwenyewe aje na nakala ya mwenzake.