Bosi, Maharage Hayajaibwa

Kuandika mfumo ni nafuu. Kinachozeesha ni barua pepe ya kumweleza meneja kwa nini mfumo haujatoka. Wetu ni mtu mwema, mhasibu wa damu, na imani yake ni kwamba hesabu ikipotea basi kuna mtu kala. Ndiyo maana nilianza hivi: "Shikamoo bosi. Maharage hayajaibwa."

Nikaendelea. Karani wa Kasulu na mwenzake wa Kibondo wanauza kutoka akiba moja, tuseme magunia 100. Wote wawili wanafungua skrini kwa wakati mmoja, wote wanaona 100. Wa Kasulu anauza 30, mfumo unaandika 70. Wa Kibondo anauza 50, lakini skrini yake bado inakumbuka 100, kwa hiyo inaandika 50 juu ya ile 70. Ghalani yamebaki 20. Kompyuta inaapa ni 50, na kuna mteja atakayelipia magunia 30 ya hewa.

Jibu likaja: "Mbona jana nilijaribu, ikakubali?"

Ulijaribu peke yako, bosi! Hitilafu hii inataka watu wawili wagongane ndani ya kufumba na kufumbua. Hata tulipouambia mfumo uandike kumbukumbu ya kila hatua, ilijificha, maana kule kuandika kulimchelewesha mmoja wakapishana. Tulipoulazimisha usubiri sekunde 5 kati ya kusoma na kuandika, ndipo ikajitokeza kila mara.

"Si wa Kasulu ampigie simu wa Kibondo asubiri?"

Iliniuma, kwa sababu dawa ndiyo hiyohiyo, ila simu inapigwa na kanzidata:

```
UPDATE akiba SET gunia = gunia - 30
WHERE zao = 'maharage' AND gunia >= 30;
```

Wa pili anangoja wa kwanza amalize, kisha anapunguza kwenye 70, si kwenye 100. Yasipotosha, mauzo yanakataliwa.

"Sasa wiki nzima ya nini?"

Ya wateja wanaonunua maharage na mahindi kwenye risiti moja. Kasulu kashika maharage anangoja mahindi; Kibondo kashika mahindi anangoja maharage. Hapo hakuna anayeachia. PostgreSQL huvumilia sekunde 1, inakagua, inaandika `deadlock detected` na kufuta risiti ya mmoja wao, mteja akiwa dirishani na hela mkononi. Kinga ni kila muamala kushika mazao kwa mpangilio uleule, maharage kwanza, mahindi baadaye. Basi tunapekua kila kona ya msimbo inayogusa akiba, kuanzia mauzo, marejesho, hadi uhamisho wa ghala. Wiki imeishia humo.

Akajibu haraka kuliko kawaida yake: "Nimekuelewa vizuri sana. Tuzindue Jumatatu. Kasulu watumie asubuhi, Kibondo mchana."

Nikamwandikia kwamba Kasulu peke yake ina makarani watatu.

"Wakae kwa zamu."