Shangazi Anajibu: Orodha Yako Imenichekesha

*Shangazi, shikamoo. Nafanya kazi ya zamu jikoni hapa Bugarama, mume yuko maduarani Geita, watoto ni wawili. Orodha yangu ya mambo ya kufanya imejaa kurasa mbili na kila kitu ni cha haraka. Nianzie wapi? – Mama Wawili*

Marahaba mwanangu, na mwangaluka pia. Umefika kwa mwenyewe. Kuanzia Kakola hadi Kahama mjini hakuna anayepanga mambo kunishinda. Kuna mwenyekiti mmoja wa kitongoji ambaye hanunui hata kamba ya mbuzi bila kuniuliza, na ile niliyomchagulia ipo imara mpaka leo. Mbuzi ndiye hayupo.

Wasomi watakwambia habari ya Dwight Eisenhower, rais wa Marekani. Mwaka 1954, akihutubia mkutano wa makanisa pale Evanston, alimnukuu mkuu mmoja wa zamani wa chuo kwamba matatizo yapo ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu, na hayafanani. Baadaye Stephen Covey akaieneza hoja hiyo kwa mraba wa vyumba vinne katika kitabu chake cha mwaka 1989. Sawa. Ila jenerali huyo alivamia Normandi akiwa na wapishi. Mimi nimesonga ugali huku mtoto ana homa na mwenye nyumba yuko mlangoni, na sijaitwa kuhutubia hata mkutano wa kikoba.

Basi chukua orodha yako uipitishe kwenye maswali yangu mawili (ya Covey kidogo, yangu zaidi). La kwanza: nisipofanya leo, nini kinaharibika kabla ya kesho? Hiyo ndiyo haraka. La pili: mwakani kuna mtu wa nyumbani mwangu atakayeumia kwa sababu sikufanya? Huo ndio umuhimu. Usiulize nani anapiga simu mara nyingi. Shemeji yako anayetaka mchango wa sare za kamati ya harusi anapiga mara nyingi, na mwakani hakuna atakayeumia zaidi ya fundi cherehani.

Tujaribu na yako. Yuniti za umeme zimebaki tatu na mboga ya wiki nzima iko kwenye friji: ni haraka na ni muhimu, nunua sasa hivi, nitakusubiri. Mdogo anatimiza miezi tisa, anadaiwa chanjo ya surua na rubela: ni muhimu, na tarehe imeandikwa kwenye kadi ya kliniki, kwa hiyo omba kubadilishana zamu wiki hii, usingoje asubuhi yenyewe. Grupu la harusi lina ujumbe mia mbili: lina kelele za haraka tu. Mpe mume, maduarani mtandao upo, nimemwona akiweka picha.

Sasa njoo kwa cheti cha kuzaliwa cha mkubwa, mwenye miaka minne, ambacho umekiandika chini kabisa, pembeni, kwa penseli. Mwanangu! Hicho hakipigi simu. Mwaka 2018 Meng Zhu na wenzake walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba watu huchagua kazi ambayo muda wake unakaribia kuisha hata pale ambapo ile nyingine ina faida kubwa zaidi. Nililijua hilo tangu nasoma darasa la tatu, sikuwa na karatasi tu. Mtoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya bila malipo. Akipita umri huo, utaratibu unabadilika na gharama zinaingia, halafu msimu wa kuandikisha darasa la kwanza ukifika, ghafla cheti kinageuka kuwa cha haraka, na wewe uko zamu ya usiku. Jambo la muhimu lisilo na tarehe, lipe tarehe ya uongo. Andika "Jumatatu, saa tatu, kata", kisha litii kana kwamba limetoka kwa mkuu wa wilaya.

Yaliyobaki? Hapa ndipo kipaji changu. Yaandike kwenye kikaratasi, kiweke chini ya kuku anayeatamia. Siku 21 zikipita, vifaranga vikatoka na hakuna aliyekuuliza, choma. Kazi ya kutengeneza mlango wa choo usiiweke humo, kuku wangu aliiatamia na wageni walikuja.

Haya, nafasi inaisha: leo umeme, wiki hii kuomba zamu kwa ajili ya kliniki, Jumatatu kata, harusi kwa mume, shemeji hapana. Barua inayofuata ni ya kijana wa Kakola anayelalamika kwamba mchumba wake ananisifia mimi kuliko yeye. Namwelewa sana huyo binti.