Koti Lililojifunza Kunywa Maji

Koti langu la mvua nililichambua kwenye mitumba ya Manundu, Korogwe mjini. Vuli nzima lilinifikisha Kwashemshi mkavu, matone yakibiringika juu yake kama kwenye jani la myugwa. Kosa langu likawa usafi. Lilipochafuka tope la njia ya mashamba ya mkonge, nililiroweka usiku kucha kwenye sabuni ya unga, nikamalizia na vifuniko viwili vya dawa ya kulainisha nguo. Na mimi nilitaka kunukia.

Masika yalipoanza nilishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya shangazi, nimelowa kama kuku. Shikamoo yangu haikujibiwa.

“Mwanangu, umekuja kwa pikipiki au umeogelea?”

Nikaanza kumlaani muuza mitumba. Shangazi, fundi cherehani wa miaka mingi, akalinusa koti, akaguna. “Hili halijatoboka. Umelipaka manukato linywe maji.”

Akanieleza. Kinachozuia maji yasipenye ni utando wa ndani, na wangu ulikuwa mzima. Kinachobiringisha matone ni dawa iliyopakwa juu ya kitambaa. Sabuni ya unga huacha masalia yanayopenda maji, na dawa ya kulainisha ni mbaya zaidi, maana kazi yake ni kubaki kwenye nguo. Kitambaa cha juu kikishalowa, jasho halipati pa kutokea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maji yaliyonilowesha ilikuwa yangu mwenyewe! Hapo shangazi alicheka mpaka akashika mlango.

Tukalifua upya kwa sabuni ya maji kidogo, isiyo na manukato, kisha tukalisuuza kwa maji ya mvua. Suuzo la kwanza lilitoa povu, la pili likatoa povu, na la nne ndilo lililotoka bila povu. Tukalianika kivulini. Lilipokauka, shangazi akatazama kibandiko cha ndani, akaona alama ya pasi yenye nukta moja. Akapiga pasi ya uvuguvugu, bila mvuke, juu ya kitambaa cha pamba. Joto huamsha ile dawa iliyolala. Pasi ya mkaa aliikataa, kwa kuwa moto wake haupimiki. Koti la plastiki tupu nalo halipigwi pasi kabisa, kwani jirani yake alijaribu, akabaki na pasi iliyovaa koti.

Akamwaga kijiko cha maji mgongoni mwa koti, yakabiringika. Akamwaga mabegani, yakazama na kuacha doa jeusi. Pale mikanda ya begi ilikuwa imeila dawa yote, na pasi haiamshi kisichokuwepo. Sehemu kama hiyo hupuliziwa dawa mpya ya kuzuia maji, ambayo mimi sijaipata bado.

Siku hizi nikipanda bodaboda wakati wa mvua, mgongo unafika mkavu na mabega yamelowa.