Simu Chini ya Mto wa Sufi

Dereva bodaboda mmoja wa Kihonda, Morogoro mjini, alikuwa na sababu mbili za kulalia simu yake. Ya kwanza ni wezi wa dirishani, wale wanaopenyeza fimbo kwenye nondo na kuvua simu kama sato. Ya pili ni kengele ya saa 11 alfajiri, ambayo isipolilia sikioni haimwamshi.

Simu ilivaa kava nene la mpira. Juu yake ulikaa mto wa sufi, na juu ya mto kichwa cha mwenyewe. Usiku mmoja wa joto akachomeka chaja, akalala. Alfajiri aliamka shavu linawaka, akadhani homa imempanda. Aliposhika simu akairusha mguuni pa kitanda. Kilichomuuma zaidi ni betri: usiku kucha, imeishia asilimia 61!

Simu haikuwa imeharibika. Wakati wa kuchaji, sehemu ya umeme hugeuka joto, nalo hutokea mgongoni na kwenye kioo. Kava nene hulizuia, na sufi hulizuia zaidi, maana nyuzi zake zina uwazi uliojaa hewa. Betri ya lithiamu ikikaribia nyuzi joto 45, simu nyingi hupunguza kasi ya kuchaji au husimama mpaka ipoe. Chini ya mto itapoa saa ngapi?

Dereva akalaumu joto la mjini. Alipopanda kwa bibi yake Mgeta, kwenye baridi ya Uluguru, akaichomeka simu kwa raha na kuifunika blanketi pamoja naye. Ikachemka vilevile. Simu haijui baridi iliyoko nje. Inajua hewa inayoigusa.

“Mjukuu wangu, hata kabichi hatuzifuniki hivyo,” bibi akasema, akaivua kava na kuiweka sakafuni, kwenye saruji, mbali na godoro na pazia. Hakuwa amesoma maelekezo ya usalama ya Apple, yanayokataza kuweka simu inayochaji chini ya mto au blanketi, lakini walikubaliana.

Siku hizi dereva huchaji jioni akiwa macho, kava pembeni, na huchomoa kabla ya kulala. Kama simu ni ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, huzima soketi kwanza, kisha huiacha ipoe yenyewe. Haiweki kwenye friji, kwa sababu unyevu hujikusanya ndani.

Fundi wake amemwonyesha pia dalili ya betri iliyovimba: kioo kinaanza kubanduka pembeni, au simu ikilazwa mezani inayumba. Ya namna hiyo haichajiwi tena, haibonyezwi irudi, wala haitobolewi kutoa gesi, maana inaweza kuwaka. Betri hubadilishwa.

Wezi nao? Simu inalala juu ya kabati, mbali na dirisha. Tatizo lililobaki ni kengele: sasa inawaamsha majirani wote kabla yake.