Namna ya Kuikwepa Sikukuu ya Benki Bila Kuaibika

Umeliona tangazo kwenye mlango wa benki yako hapa Lubumbashi: tawi litafungwa tarehe 16 na 17 Januari. Siku ya kwanza tunamkumbuka Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa mwaka 2001. Ya pili ni ya Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huu huu mwaka 1961. Mwaka 2026 ni Ijumaa na Jumamosi, kisha Jumapili. Siku tatu hakuna mtu dirishani, nawe hutaki shemeji ajue mfuko umekauka. Sogea nikupe njia za mkato.

1. Anza na mstari wa mwisho. Wengine wanasoma saa za kufunga. Wewe soma pale chini, panaposema huduma za simu zinaendelea. Kama akaunti yako haijaunganishwa na simu, huenda ukatakiwa kufika dirishani na kitambulisho. Nenda, usivuke Jumatano. Alhamisi mchana mji mzima utakuwa umekumbuka.

2. Chagua mfuko sahihi. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zina mifuko miwili, wa dola na wa faranga. Mwenye nyumba anataka dola 100 taslimu Jumamosi? Hamishia dola 100 kwenye mfuko wa dola, na uongeze ada ya kutoa. Ukiziweka kwenye faranga, utazibadilisha tena siku ya sikukuu kwa bei anayotaka mwingine, na pengo utaliziba wewe.

3. Uliza kabla ya kubonyeza. Wakala anaweza kuwa na salio kwenye simu na asiwe na noti. Mwambie, "Papa, dola mia iko?" Akizitoa, zikague moja moja, kwa maana noti iliyochanika kidogo tu mwenye nyumba ataikataa. Namba ya siri iandike mwenyewe, hata foleni ikinung'unika.

4. Wahi mashine. Toa pesa Alhamisi jioni, kabla wengine hawajazimaliza. Ukikosea namba ya siri mara mbili, acha. Ya tatu inaweza kufunga kadi au kuifanya imezwe, na wa kukusaidia dirishani yuko nyumbani hadi Jumatatu.

5. Ahidi Jumatatu. Kutuma ndani ya benki moja kwa kawaida ni haraka. Kwenda benki nyingine kunaweza kungoja siku ya kazi. Mwambie anayekudai, "Zitafika Jumatatu au Jumanne." Atakuheshimu kuliko ukimwapia kwamba tayari zimefika.

Hatua ya kwanza ndiyo inayobeba nyingine zote, na inafanyika benki ikiwa wazi. Basi tangazo likibandikwa, usilipige picha tu ukapita. Ingia ndani siku hiyo hiyo, uunganishe simu yako.